Nani alipigiwa simu kwanza? Uandishi wa amani na uandishi wa vita katika habari za migogoro

Wakulima na wafugaji wakipigana popote kati ya Nguruka na Uvinza, msikilizaji wa redio mjini Kigoma anaweza kubashiri taarifa itakavyoanza kabla mtangazaji hajafungua kinywa. Watu kadhaa wameuawa kikatili. Wafugaji wavamizi wametajwa. Kamanda wa Polisi wa Mkoa amethibitisha kutokea kwa tukio hilo, na Mkuu wa Wilaya ametoa siku saba kwa wote walioingia kinyemela wawe wameondoka. Huenda taarifa hiyo haina uongo hata mmoja. Hata hivyo, wanaochunguza jinsi vyombo vya habari vinavyoripoti migogoro wana jina la taarifa ya namna hiyo: uandishi wa vita.

Jina hilo linawaudhi waandishi wengi, na ninaelewa kwa nini. Mtu aliyekimbizana na tukio tangu alfajiri hajioni kama mchochezi. Lakini jina halihusu nia yake. Linahusu mahali alipolielekeza jicho, watu aliowasikiliza, na maneno aliyoondoka nayo kwao.

Mjadala huu ulianzishwa na Johan Galtung, mtafiti wa Norwei aliyefariki Februari 2024 akiwa na miaka 93. Mwaka 1965 yeye na mwenzake Mari Ruge walichapisha uchambuzi wa namna magazeti manne ya Norwei yalivyoripoti migogoro ya nchi tatu: Kuba, Saiprasi na Kongo. Kwa hiyo moja ya mizizi ya taaluma hii iko ng'ambo tu ya Ziwa Tanganyika, kwenye nchi ambayo milima yake tunaiona kutoka Kigoma anga likiwa safi. Waliuliza kwa nini tukio moja linageuka habari na lingine linapita kimya. Sehemu ya jibu lao ni kwamba kadiri nchi inavyokuwa mbali na mwandishi, kimasafa na kiutamaduni, ndivyo tukio lake linavyohitaji kuwa baya, la ghafla, na la kumhusu mkubwa fulani ili lipite mlangoni. Mtu wa kawaida wa nchi hiyo huonekana gazetini akiwa maiti au akiwa amebeba furushi.

Baadaye Galtung alizipanga tofauti hizo kwa pande mbili. Uandishi wa vita unatazama mapigano yenyewe, unafichua uongo wa adui peke yake, unawasikiliza wakubwa, na unauliza nani anashinda. Uandishi wa amani unautazama mgogoro uliozaa mapigano, unafichua uongo wa kila upande, unawasikiliza watu wanaoishi ndani ya mgogoro huo, na unauliza njia zipi za kutoka zipo. Wanahabari wawili wa Uingereza, Jake Lynch na Annabel McGoldrick, waliushusha mpango huo hadi kwenye meza ya mwandishi kwa kuandika ushauri wenye vipengele 17. Vingi kati ya hivyo vinahusu maneno: usiwapachike watu sifa za ushetani, usiwafanye waathirika kuwa viumbe wasiojiweza, usitumie maneno mazito kama mauaji ya kimbari mahali yasipostahili, usiyaandike madai ya mtu kana kwamba ni ukweli uliokwisha kuthibitishwa.

Hapo ndipo wengi wanapoishia. Wanauelewa uandishi wa amani kama orodha ya maneno ya kuepuka, kwamba ukiondoa "kikatili" na ukaweka "kwa kusikitisha" umemaliza kazi. Hoja yangu ni kwamba neno huja baadaye. Kinachotangulia ni chanzo, kwa sababu mtu unayemsikiliza kwanza ndiye anayekupa jina la kila kitu utakachokiona baada ya hapo.

Mfano wa kijiji kimoja bondeni

Nitatumia kisa nilichokitunga, lakini vipande vyake vyote ni vya kawaida kwa yeyote anayelifahamu bonde la Malagarasi. Ni Septemba, mwisho wa kiangazi. Malisho yamekauka juu, na mifugo inateremshwa kufuata unyevu wa bondeni. Huko bondeni wakulima wana mahindi mabichi yanayotegemea maji yaleyale. Alfajiri moja ng'ombe wanaingia shambani. Kunatokea ugomvi, na kufikia jioni watu wawili wamekufa na nyumba tatu za familia za wafugaji zimechomwa moto.

Mwandishi yuko mjini Kigoma, zaidi ya kilomita mia kutoka hapo. Analipwa kwa habari inayochapishwa, halipwi nauli. Anapiga simu polisi, kisha kwa Mkuu wa Wilaya, na saa kumi na mbili jioni anatuma hii:

"Watu wawili wameuawa kikatili na wengine watano kujeruhiwa vibaya baada ya wafugaji wavamizi wakiwa na silaha za jadi kuvamia mashamba katika kijiji kimoja wilayani Uvinza na kuzua vita na wakulima. Kamanda wa Polisi wa Mkoa amethibitisha tukio hilo na kusema kuwa mmoja wa wafugaji hao aliuawa na wananchi wenye hasira kali. Mkuu wa Wilaya ametoa siku saba kwa wafugaji wote walioingia kinyemela kuondoka mara moja."

Iko vizuri kwa vigezo vya kawaida. Ina nani, nini, wapi, na maofisa wawili wametajwa kwa vyeo. Mhariri ataipokea bila swali.

Sasa tumpe mwandishi huyohuyo siku mbili na nauli ya treni au basi. Anafika kijijini kwa bodaboda, na hilo lenyewe lina uzito, kwa sababu mwandishi akishuka kwenye gari la serikali kila mmoja atamweleza kile anachotaka serikali isikie. Anajitambulisha kwa mwenyekiti wa kijiji, kama heshima inavyodai, lakini hakubali kuongozwa na mtendaji kwenda kwa "mashahidi waliokwisha andaliwa". Anaenda zahanati kwanza. Mganga anamweleza majeraha: matatu ya fimbo, moja la panga, moja la moto mgongoni kwa mtoto wa miaka sita. Hilo la moto halikuwemo kwenye taarifa ya simu.

Kisha anakwenda kwenye msiba wa mkulima na msiba wa mfugaji, yote miwili. Kwa mfugaji anamkuta mzee, baba wa kijana aliyeuawa.

"Shikamoo mzee. Poleni sana na msiba."

"Marahaba mwanangu. Tumeshapoa."

Mzee haongei sana. Baada ya kimya kirefu anaingia ndani na kutoka na mfuko wa nailoni. Ndani yake mna stakabadhi ya kijiji, ina muhuri na sahihi, ikionyesha kwamba miaka miwili nyuma alilipa fedha kwa kila ng'ombe ili apewe eneo la kulisha upande ule wa bonde. Karatasi imekunjwa mara nne na wino umefifia kwenye mikunjo.

Mwandishi anarudi kwa mjane wa mkulima na kumuuliza shamba lile walilipataje. Naye anaonyesha barua ya ofisi hiyohiyo ya kijiji, ya mwaka uliofuata. Kipande kimoja cha bonde kimegawiwa mara mbili. Mwandishi anampigia afisa ardhi wa wilaya kuuliza kama kijiji kina mpango wa matumizi ya ardhi, ule unaotenga eneo la kilimo na eneo la malisho. Anajibiwa kwamba kazi ilianza lakini haikukamilika. Taarifa ya pili inasomeka hivi:

"Kijiji kimoja wilayani Uvinza kiliwapa wakulima na wafugaji eneo moja la bonde kwa nyakati tofauti, nyaraka zilizoonwa na mwandishi huyu zinaonyesha, kabla ya ugomvi uliosababisha vifo vya watu wawili wiki hii. Mkulima mmoja alichomwa mkuki na mchungaji aliyekuwa na ng'ombe shambani. Saa tano baadaye, kijana mwingine ambaye, kwa mujibu wa mashahidi wa pande zote mbili, hakuwepo kwenye ugomvi wa asubuhi, alipigwa hadi kufa na kundi la wakazi waliokwenda kuchoma nyumba za wafugaji. Mtoto wa miaka sita aliungua mgongoni."

Angalia kilichotokea kwa neno "wavamizi". Mwandishi hakuliondoa kwa huruma wala kwa kufuata mwongozo wa semina. Liliondoka lenyewe mara stakabadhi ilipoonekana, kwa sababu mtu aliyelipia eneo na kupewa muhuri hawezi kuitwa mvamizi katika habari iliyothibitishwa. "Walioingia kinyemela" nalo likaanguka hapohapo. "Vita na wakulima" ikagawanyika na kuwa matukio mawili yenye saa zake, kila moja na mtendaji wake. Mgogoro uliokuwa na pande mbili ukapata upande wa tatu, ofisi iliyogawa ardhi mara mbili, na huo ndio upande ambao vyanzo vya kwanza havikuwa na sababu ya kuutaja.

Taarifa ya pili pia ni kali kuliko ya kwanza. Inasema nani alichoma mkuki. Inasema waziwazi kwamba wakazi walimuua kijana ambaye hakuwepo kwenye ugomvi. Wanaodhani uandishi wa amani ni kupaka mafuta wanapaswa kuzisoma taarifa hizi mbili pamoja na kujiuliza ni ipi itakayomnyima mtu usingizi pale kijijini.

Maneno yanayobeba hukumu

Kuna msemo mmoja wa vyumba vya habari vya Tanzania ambao ningependa uachwe kabisa: "wananchi wenye hasira kali". Umetumika kwa miaka mingi kueleza watu waliomuua mtuhumiwa kwa mawe au kwa moto. Chunguza jinsi unavyofanya kazi. Wauaji wanapewa jina la heshima, wananchi. Tendo linapewa sababu papo hapo, hasira. Na hasira hiyo inapimwa kuwa kali, kana kwamba ingekuwa ya wastani wasingefika huko. Aliyekufa anabaki "jambazi", "mwizi" au "mvamizi", ingawa hajawahi kusimama mbele ya hakimu. Msemo huu mara nyingi hutoka kwenye taarifa za maofisa na kuingia kwenye habari mzimamzima. Kusema "kundi la watu lilimpiga hadi akafa" kunatosha, na kunaacha wazi swali ambalo msemo ule unalifunga: akina nani hao, na kuna yeyote aliyekamatwa?

Kauli ya kutendwa nayo ina siri zake. "Watu wawili waliuawa katika mapigano" ni sentensi ambayo haina muuaji. Vifo vinaonekana vimetoka kwenye mapigano kama mvua inavyotoka mawinguni. Wakati mwingine mwandishi kweli hamjui muuaji, na hapo kauli hiyo ni ya haki. Tatizo linakuja pale kauli inapobadilika kufuata upande. Wakiua wale, "wafugaji wamewaua". Wakiua hawa, "mfugaji aliuawa". Soma habari kumi za mgogoro mmoja, uone upande gani una vitenzi vyenye mtendaji na upande gani hauna. Utajua mwandishi alikaa wapi, hata kama yeye mwenyewe hajui.

Lakini kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni vitenzi vya kunukuu. Katika habari zetu ofisa "anathibitisha", "anafafanua", "anabainisha". Mwanakijiji "anadai", "analalamika", "anakiri". Yule wa kwanza anasikika kama mwenye ukweli na wa pili kama mwenye malalamiko, hata wanapozungumzia jambo moja. Kamanda ambaye hakuwepo eneo la tukio, na ambaye amesomewa taarifa na askari wa kituo, "anathibitisha". Mjane aliyeona kwa macho yake "anadai". Ingekuwa haki kutumia "alisema" kwa wote wawili, na kuliacha "kuthibitisha" kwa kile ambacho mwandishi amekihakiki kwa nyaraka au kwa vyanzo vingine visivyotegemeana.

Chukua kalamu, pigia mstari kila kitenzi cha kunukuu katika habari moja, kisha andika pembeni cheo cha msemaji. Ikiwa vitenzi vyote vya uhakika viko upande wa vyeo na vyote vya shaka viko upande wa majina yasiyo na vyeo, habari hiyo imeegemea, hata kama haina neno moja la matusi.

Kuhusu kabila nina msimamo usiopendwa na pande zote. Kwa kawaida sitaji. Kusema "Wasukuma" mahali pa "wafugaji", au "Waha" mahali pa "wakulima", kunaubeba ugomvi wa bonde moja na kuupeleka kwa watu wa Tabora, Shinyanga na Kasulu ambao hawajui hata bonde lenyewe liko wapi. Ila yakitokea mauaji au uchomaji ambamo nyumba zilichaguliwa kwa kabila, kulificha kabila ni kulificha tendo lenyewe. Hapo lazima litajwe, pamoja na ushahidi wa jinsi uchaguzi huo ulivyofanyika.

Wale wanaoitwa mafuriko

Maneno ya kudhalilisha si yale ya chuki tu. Mei 2015, baada ya machafuko ya kisiasa kuanza Burundi, makumi ya maelfu ya watu walikimbilia Kagunga, kijiji cha wavuvi kilichobanwa kati ya ziwa na mlima mkali mpakani mwa nchi mbili. Njia ya kutoka ilikuwa maji, na meli ya MV Liemba ikawa inawasomba kuwaleta bandari ya Kigoma, mamia kwa safari moja. Kipindupindu kililipuka na kuua watu wapatao 30, wengi wao wakimbizi.

Lugha iliyozoeleka katika hali kama hiyo ni ya maji na mzigo: wimbi la wakimbizi, mafuriko ya wakimbizi, wakimbizi wafurika. Nayo lugha ya ugonjwa hujengwa kwa namna ambayo mtu anaondoka akiamini kwamba wakimbizi ndio walioleta kipindupindu. Habari inayoanza na maji ya ziwa yaliyokuwa yakinywewa bila kuchemshwa, na vyoo vichache vya kijiji kidogo vilivyotumiwa na umati kama ule, inaeleza ugonjwa ulivyosambaa. Habari inayoanza na "wakimbizi wenye kipindupindu" inaeleza wa kumwogopa. Kosa liko tena kwenye vyanzo. Taarifa ya shirika au ya mkoa itakupa idadi, kwa sababu idadi ndiyo kazi yake. Atakayekueleza kwamba mwenyeji alimpa mgeni sehemu ya kulala barazani, au kwamba bei ya sembe ilipanda na wenyeji wakaanza kunung'unika, ni mama anayeuza samaki pale ufukweni. Hayo mawili yangemsaidia msomaji wa mjini Kigoma kuona uhusiano wa wenyeji na wageni unakoelekea.

Jinsi vyanzo vinavyopatikana upande wa pili

Tatizo la vyanzo kwenye mgogoro haliishi kwa kusema "sikiliza pande zote". Upande wa pili mara nyingi hauna simu yako, hauna lugha yako, na haukuamini. Mfano wa jinsi ya kulitatua uko Bujumbura. Mwaka 1995, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa vimepamba moto Burundi na mitaa ya mji ikiwa imegawanyika kikabila, ilianzishwa Studio Ijambo, iliyotayarisha vipindi vya redio. Waandishi wake walikuwa Wahutu na Watutsi waliofanya kazi pamoja katika timu. Faida ilikuwa ya vitendo. Mwandishi mmoja aliweza kusikilizwa mahali ambapo mwenzake angefukuzwa au kuuawa, na baada ya hapo wote wawili walilazimika kukubaliana juu ya maneno ya taarifa moja itakayosikika kwenye mitaa yote. Neno ambalo mmoja aliliona la kawaida, mwenzake alilisikia kama tusi. Kikao cha kuhariri kilikuwa chenyewe kichujio.

Huku kwetu mpasuko si wa kiwango hicho, na Mungu atuepushe, lakini fundisho linahamishika. Kwenye boma la wafugaji, wanawake wengi wazee wanazungumza Kisukuma kuliko Kiswahili. Kwenye vijiji vya wakulima Kiha kinatawala. Mwandishi akifika kwa wafugaji na mkalimani aliyepewa na ofisi ya kijiji, ofisi iliyogawa ardhi mara mbili, basi chanzo chake ni ofisi hata pale anapodhani amemnukuu bibi. Mkalimani atafutwe mbali na kijiji, ikibidi aende na mwandishi kutoka mjini. Na shahidi akiomba jina lake lisitajwe, mwandishi afiche pia vitu vinavyomtambulisha: "mama mwenye duka karibu na zahanati" ni jina kamili kwa kila mtu wa kijiji hicho.

Mahali ambapo maneno laini ni uongo

Kuna pingamizi ambalo halipaswi kupuuzwa. Wanahabari wazoefu wa vita, akiwemo David Loyn aliyekuwa mwandishi wa BBC, wameusema uandishi wa amani kwamba unampa mwandishi kazi isiyo yake. Kazi yake, wanasema, ni kuona na kueleza, na akianza kutafuta amani atachagua ukweli unaoisaidia. Mtafiti Thomas Hanitzsch ameongeza kwamba nadharia hii inamtwisha mwandishi mmojammoja lawama, wakati anayeamua ni mfumo mzima: mmiliki, soko, muda, na msomaji mwenyewe.

Ninakubaliana na sehemu ya pili kuliko ya kwanza. Hofu ya kwanza ina msingi, na ushahidi wake tunao jirani. Mwaka 1994 Rwanda ilipata maneno ya aina mbili. Ndani, redio ya RTLM iliwaita Watutsi mende, na Desemba 2003 mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani watu watatu waliohusika na redio hiyo na gazeti moja. Hayo yanakumbukwa. Yanayosahaulika ni maneno ya nje. Taarifa nyingi za kimataifa katika wiki za mwanzo zilizungumzia machafuko na mapigano ya kikabila, kana kwamba pande mbili zilikuwa zinapigana kwa hasira za kale. Maneno hayo hayakuwa na chuki, na yalionekana ya wastani. Yalikuwa uongo, kwa sababu watu walikuwa wanatafutwa nyumba kwa nyumba na kuuawa kwa mpango. Hapo neno zito ndilo lililokuwa neno sahihi, na aliyelikwepa alilikwepa kwa gharama ya watu wengine.

Kwa hiyo kipimo hakiwezi kuwa ukali au ulaini wa neno. Kipimo ni kama vyanzo ulivyonavyo vinaweza kulibeba. "Mauaji ya kimbari" kwa ugomvi wa bonde la Malagarasi ni uchochezi. "Mapigano" kwa Rwanda ya Aprili 1994 ni kuficha.

Utafiti mmoja unaonyesha jinsi kosa la kuishia kwenye maneno lilivyo la kawaida. Mwaka 2005 Seow Ting Lee na Crispin Maslog walichapisha uchambuzi wa habari 1,338 kutoka magazeti 10 ya Asia yaliyoripoti migogoro kama ya Kashmiri, Sri Lanka na Mindanao. Asilimia 56 zilikuwa za mwelekeo wa vita na asilimia 36 za mwelekeo wa amani. La kuangalia zaidi ni kile kilichozifanya hizo 36 zihesabiwe hivyo. Kwa kiasi kikubwa zilikuwa zimeepuka: zimeepuka maneno ya kishetani, zimeepuka kugawa watu kuwa wema na wabaya, zimeepuka kuchukua upande. Kutafuta sababu na njia za kutoka kulikuwa kwa nadra zaidi. Kuepuka kunawezekana mtu akiwa amekaa mezani. Kuipata stakabadhi iliyo ndani ya mfuko wa nailoni kunahitaji nauli.

Na hapo ndipo kazi inapokwama kwa mwandishi wa mkoani. Siku mbili na nauli niliyompa kwenye mfano wangu hana. Kinachowezekana ni kidogo, lakini kinabadilisha habari. Taarifa ya jioni ya kwanza, iliyopatikana kwa simu mbili, ipigiwe simu ya tatu: zahanati, mwalimu mkuu, kiongozi wa dini, au kiongozi wa chama cha wafugaji wilayani. Simu hiyo haitampa ukweli wote, ila itamzuia kuandika "wavamizi" kama ukweli wake mwenyewe. Ataandika "ambao Mkuu wa Wilaya aliwaita wavamizi", na msomaji atajua neno ni la nani. Kisha arudi kwenye habari hiyo siku saba zile za amri zikiisha, aulize nani ameondoka, amekwenda kijiji kipi, na huko kuna eneo lililotengwa au bonde lingine lenye wenyewe. Mara nyingi mgogoro unaofuata unaonekana kwenye jibu la swali hilo.

Limebaki jambo la mpangilio. Mhariri wa Dar es Salaam mwenye nafasi ya maneno mia mbili hukata kuanzia chini, na sauti za wanakijiji huwa zimewekwa chini, baada ya kamanda na mkuu wa wilaya. Nyaraka ya kijiji ikikaa aya ya saba haitachapishwa kamwe. Iwekwe aya ya pili, kauli ya ofisa ifuate kama jibu lake. Na kwa kuwa kichwa cha habari huandikwa na mtu ambaye hajafika bondeni, mwandishi apendekeze chake juu kabisa ya ujumbe anaotuma, kifupi cha kuingia kwenye nafasi: "Bonde moja, vibali viwili, vifo viwili."